Goti halimfunzi mbwa kutulia

"Mbwa wangu akirukia wageni nampiga goti la kifua. Mbona haachi?"

Kwa sababu kwake goti, kelele na kusukumwa ni mchezo: ameshapata alichokirukia, yaani kushughulikiwa. Mfunge kwa kamba ya mita 2 kwenye nguzo ya uani, ili kanzu ya mgeni isiguswe wala asipate udhia wa kuitoharisha. Jamaa apige hodi, asogee polepole. Miguu minne ikiwa chini, mdondoshee dagaa mmoja asiye na chumvi sakafuni. Chakula kinachotolewa juu humwinua. Akiruka, mgeni ageuke kimya, arudi hatua 3, aanze tena. Mara 5 zatosha kwa zamu moja. Siku za mwanzo huenda akazidi kuruka, maana anajaribu njia iliyokuwa ikimfaa. Mtu mmoja akimpapasa hapo, ataendelea.