Jibini laini ya maziwa yasiyo na mafuta

“Maziwa yaliyoondolewa mafuta hutoa jibini kavu kama mpira, sivyo?”

Hapana, kinachoikausha ni moto. Joto likizidi, protini hujikaza na kukamua maji yake, kisha kuichuja mno humalizia uharibifu. Pasha lita 2 za maziwa ya pakiti yaliyopasteurishwa hadi nyuzi 50 hivi. Sufuria iwe ya moto lakini maziwa yasikaribie kuchemka. Mimina mililita 90 za siki nyeupe, koroga taratibu dakika moja, funika nusu saa. Chuja kwa kitambaa dakika 5 tu, suuza kwa maji baridi, usikamue. Tia chumvi na vijiko kadhaa vya krimu au maziwa: chembe za jibini zitayanywa. Zikilia menoni, ulizidisha moto.