Vietnam: Marekani ilivyorithi vita vya Mfaransa

Je, wajua? Wavietnam walikuwa wakipigana na Mfaransa. Marekani iliingiaje humo, na vita viliishaje?

Iliingia kwa mlango wa fedha. Ho Chi Minh, kiongozi mkomunisti wa wapigania uhuru wa Vietnam, alipotangaza uhuru mjini Hanoi tarehe 2 Septemba 1945, alifungua hotuba yake kwa maneno ya Azimio la Uhuru la Marekani lenyewe. Barua alizomwandikia Rais Truman kuomba msaada hazikujibiwa. Mfaransa akarudi kudai koloni lake, na mwisho wa 1946 vita vikawaka. Mwanzoni Marekani ilikaa pembeni. Kisha wakomunisti wakashika China mwaka 1949, vita vya Korea vikazuka mwaka uliofuata, na machoni pa Washington Ho akageuka kutoka mpigania uhuru kuwa mkono wa Moscow na Beijing. Kufikia 1954 Marekani ndiyo iliyokuwa ikilipa sehemu kubwa ya gharama za Mfaransa.

Fedha hizo hazikumwokoa. Huko Dien Bien Phu, kaskazini-magharibi mwa Vietnam, Wafaransa walijichimbia bondeni wakitegemea ndege kuwaletea chakula na risasi, wakiamini hakuna awezaye kupandisha mizinga mizito kwenye milima ile. Jenerali Giap, kamanda wa majeshi ya Ho, aliipandisha, ikivutwa kwa kamba na nguvu za watu, akaificha ndani ya mahandaki. Uwanja wa ndege ulipoharibiwa kwa makombora, ngome ikabaki bila njia ya kuingia wala kutoka. Ilianguka tarehe 7 Mei 1954.

Mkataba wa Geneva uliigawa nchi kwa muda kwenye latitudo ya 17, Kaskazini ikabaki kwa Ho, na uchaguzi wa kuiunganisha ufanyike 1956. Haukufanyika. Ngo Dinh Diem, mtawala wa Kusini, aliukataa, na Marekani ikamuunga mkono kwa sababu iliyo wazi: Ho angeshinda. Waasi wa Kusini wakashika silaha, nayo Marekani ikaongeza washauri wa kijeshi hadi wapatao 16,000 mwaka 1963. Agosti 1964 iliripotiwa kwamba manowari zake zimeshambuliwa na Kaskazini mara mbili katika Ghuba ya Tonkin. Shambulio la pili halikutokea, lakini Bunge lilikwisha kumpa Rais Johnson ruhusa ya kupigana. Miaka minne baadaye askari wake huko walizidi nusu milioni.

Mashambulizi ambayo wakomunisti waliyafanya wakati wa Tet, mwaka mpya wa Kivietnam, mapema 1968, yaliwagharimu watu wengi sana. Hata hivyo Wamarekani, waliokuwa wakiambiwa ushindi uko karibu, waliacha kuamini. Mkataba wa Paris wa 27 Januari 1973 uliwapa siku 60 za kuondoa majeshi, huku mateka wakirudishwa. Tatizo lilikuwa hili: majeshi ya Kaskazini yaliyokwisha kuingia Kusini yaliachwa palepale. Rais Thieu wa Kusini alilipinga jambo hilo hadi Rais Nixon wa Marekani alipomwahidi kwamba Marekani ingejibu mkataba ukivunjwa. Lakini Bunge la Marekani likapiga marufuku mapigano zaidi, likapunguza misaada, na Nixon mwenyewe akajiuzulu Agosti 1974. Machi 1975 Kaskazini iliteka Ban Me Thuot, mji wa nyanda za juu za Kusini. Thieu akaamuru askari waondoke nyanda za juu, na kuondoka huko kukageuka mbio za kujinusuru. Vifaru vya Kaskazini viliingia ikulu ya Saigon, mji mkuu wa Kusini, tarehe 30 Aprili.