Kinondoni ya 2012 si Kinondoni ya leo: jinsi ya kustaafisha msimbo wa wilaya

Sensa ya 2012 iliikuta Kinondoni ina watu 1,775,049. Sensa ya 2022 ikaikuta ina watu 982,328. Mgeni wa Dar es Salaam akiziona namba hizi mbili kwenye jedwali moja atadhani kuna janga lililoikumba Kawe na Mwananyamala. Watu wako palepale, mpaka ndio uliosogea. Kati ya sensa hizo mbili Ubungo ilimegwa kutoka Kinondoni na Kigamboni ikamegwa kutoka Temeke, mkoa ukatoka wilaya 3 hadi 5. Jumlisha Kinondoni na Ubungo za 2022 upate 2,069,240, na ukuaji unaonekana.

Kinondoni hainitii hofu sana, kwa kuwa kushuka kwake ni kukubwa mno na lazima mtu atauliza. Temeke ndiyo inayoniogopesha. Ilikuwa na watu 1,368,881 mwaka 2012, ikawa na 1,346,674 mwaka 2022. Upungufu wa elfu 22 hivi unapita kwenye ripoti bila mtu kushtuka, na mkuu wa kitengo anaandika kwamba Temeke "imetulia". Ukirudisha watu 317,902 wa Kigamboni, eneo lile la zamani lina watu 1,664,576. Halikutulia hata kidogo.

Kazi yangu ni kutunza majedwali ya namna hii kwenye mifumo ya kampuni: wilaya, kata, makundi ya bidhaa, vipimo. Mfano nitakaoufuata ni wa msambazaji mmoja wa vifaa vya ujenzi hapa mjini. Ana mifumo mitatu: wa mauzo ulio kwenye simu za mawakala, wa ghala, na wa uhasibu. Orodha ya wilaya inatunzwa makao makuu, na kila usiku nakala yake inapelekwa kwenye mifumo yote mitatu. Misimbo nitakayoiandika, yaani alama fupi ambazo mifumo inatumia kuitambua kila wilaya, ni ya ndani ya kampuni.

Swali la kwanza Ubungo ilipozaliwa halikuhusu kompyuta. Kinondoni iliyobaki iendelee na msimbo wake wa zamani au ipewe mpya? Kiwango cha kimataifa cha ISO 3166-2 kimechagua njia ya kwanza kwa mikoa yetu: Songwe ilipotoka Mbeya, Mbeya ilibaki na `TZ-14` na Songwe ikapewa `TZ-31`. Kwa anayetaka kutambua jina la mkoa tu, hiyo inatosha. Kwa anayelinganisha mauzo ya mwaka huu na ya miaka kumi iliyopita haitoshi, kwa sababu `TZ-14` ya zamani na `TZ-14` ya sasa ni maeneo mawili tofauti, na hakuna kitu ndani ya msimbo kinachokuonya.

Ndiyo maana kwenye majedwali ya ndani ninashikilia kanuni hii: mpaka ukibadilika, msimbo wa zamani unastaafu, hata kama jina linabaki lilelile. Jina likibadilika na mpaka ukabaki, msimbo unaendelea na jina jipya linaandikwa. Basi `KND1` ilistaafu, wakaingia `KND2` na `UBG1`. `TMK1` nayo ikastaafu, wakaingia `TMK2` na `KGB1`. Karani haoni misimbo hii. Yeye anaona "Kinondoni" kama kawaida.

Ilala inatoa mtihani wa upande wa pili. Februari 2021 iliyokuwa Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, chombo kilichokuwa juu ya manispaa zote za mkoa, ilivunjwa, na Manispaa ya Ilala ikapandishwa hadhi kuwa Jiji la Dar es Salaam. Wilaya ya Ilala ipo vilevile, kwa hiyo kwenye jedwali la wilaya haguswi mtu. Kwenye jedwali la halmashauri ndipo penye mtego. Anayepokea taarifa hiyo anatafuta "Jiji la Dar es Salaam", anakuta tayari lina msimbo, anafurahi, anaihamishia Ilala pale. Kuanzia hapo Ilala imerithi kumbukumbu za chombo kilichohudumia mkoa mzima. Kilichotakiwa ni kustaafisha msimbo wa Jiji la zamani usitumike tena kamwe, na kuuacha msimbo wa Manispaa ya Ilala uendelee kwa jina jipya. Majina yanaweza kujirudia, misimbo isijirudie.

Muundo wa jedwali wenyewe ni mfupi:

```sql
CREATE TABLE wilaya (
  msimbo       TEXT PRIMARY KEY,
  jina         TEXT NOT NULL,
  halali_tangu DATE NOT NULL,
  halali_hadi  DATE
);
CREATE TABLE wilaya_mrithi (
  zamani TEXT REFERENCES wilaya(msimbo),
  mrithi TEXT REFERENCES wilaya(msimbo),
  PRIMARY KEY (zamani, mrithi)
);
```

`halali_hadi` ikiwa tupu, msimbo bado unatumika. Ikiwa na tarehe, tarehe hiyo ni siku ya kwanza ambayo msimbo *hautumiki*. Kwa msambazaji wetu, `KND1` iliandikwa `2016-07-01` kwenye `halali_hadi`, na `KND2` ikaandikwa tarehe ileile kwenye `halali_tangu`. Hakuna siku inayobaki bila mwenyewe, na hakuna siku yenye wenyewe wawili. Tarehe 1 Julai aliichagua mhasibu mkuu kwa sababu mwaka wao wa fedha unaanza hapo. Ni tarehe ya ripoti za kampuni, si tarehe ya kisheria, na hilo tuliliandika kwenye maelezo ya jedwali ili mtu asije kuinukuu kwingine.

Jedwali la pili linasema nani alimrithi nani. Linatakiwa kuwa jedwali la pekee, si safu moja ya "mrithi" ndani ya jedwali la kwanza, kwa sababu `KND1` ina warithi wawili. Makundi ya bidhaa yanapounganishwa, tuseme "rangi za maji" na "rangi za mafuta" kuwa "rangi", mrithi ni mmoja na kila kitu ni chepesi. Kugawanya ndiko kunakouma.

Sasa usawazishaji wa usiku. Kosa ninalolikuta mara nyingi zaidi ni programu inayofuta kwa mpokeaji kila msimbo usiomo kwenye faili jipya. Kutokuwemo kwenye faili si kustaafu. Faili linaweza kukatika njiani kwa sababu ya mtandao, au aliyelitoa alichuja mkoa mmoja tu. Kwa hiyo faili letu linabeba misimbo yote, hai na iliyostaafu, na kustaafu kunatangazwa kwa tarehe. Msimbo uliopo kwa mpokeaji ukikosekana kwenye faili, usawazishaji unasimama, hakuna kinachobadilishwa, na msimamizi anapata ujumbe. Mpangilio nao una maana: kwanza inaingia misimbo mipya, kisha uhusiano wa warithi, mwisho tarehe za kustaafu, yote ndani ya muamala mmoja wa hifadhidata, yaani ama yote yanaingia ama hakuna kinachoingia. Ukianza na kustaafisha bila muamala huo na umeme ukakatika katikati, karani wa Sinza anaamka asubuhi hana wilaya ya kuchagua.

Hata hayo yote yakiwa sawa, kuna uharibifu unaotokea kimyakimya kwenye fomu. Mfumo wa ghala ulikuwa umeambiwa uonyeshe misimbo hai tu kwenye menyu kunjuzi, jambo linaloonekana la busara. Karani anafungua rekodi ya mteja wa mwaka 2014 ili arekebishe namba ya simu tu. Rekodi ina `KND1`, lakini `KND1` haimo kwenye menyu, kwa hiyo menyu inakaa kwenye jina la kwanza kwa alfabeti, yaani Ilala. Karani anabonyeza hifadhi. Mteja wa Kinondoni amehamia Ilala na hakuna aliyeona. Dalili yake ni kwamba wilaya ya kwanza kwenye orodha inaongezeka wateja wa zamani bila mauzo mapya. Dawa ni kwamba menyu ya rekodi mpya ionyeshe misimbo hai tu, na menyu ya rekodi iliyopo ionyeshe misimbo hai pamoja na ule uliomo tayari kwenye rekodi hiyo, ukiwa na alama "umestaafu". Ninalipima hili kwa mkono kila mfumo mpya unapokuja: fungua rekodi ya zamani, badilisha kitu kisichohusu wilaya, hifadhi, angalia msimbo.

Baada ya hapo wanakuja wenye ripoti, nao wana haki: wanataka wateja wote wa zamani wajulikane wako wilaya gani ya leo. Kwa `KND1` hakuna amri moja ya kubadilisha inayoweza kujibu. Lazima ushuke ngazi moja hadi kata. Rekodi yenye kata ya Manzese, Sinza, Kimara au Kibamba inakwenda `UBG1`, yenye Kawe, Mwananyamala au Magomeni inakwenda `KND2`. Mahali pa kusimama na kutazama kwa macho ni Mbezi. Kata ya Mbezi iko Ubungo, kata ya Mbezi Juu iko Kinondoni, na watu wa Mbezi Beach, ambayo iko Kinondoni, huandika "Mbezi" tu. Programu ikilinganisha kwa herufi za mwanzo itawapeleka wote upande mmoja. Hizi tulizitoa pembeni, mawakala wakazipitia mmoja mmoja kwa kuwauliza wateja.

Matokeo hayaandikwi juu ya msimbo wa zamani. Yanaingia kwenye safu nyingine, `wilaya_ya_sasa`, huku `KND1` ikibaki kwenye rekodi kama ilivyoandikwa siku ile. Risiti ya 2014 ilitolewa Kinondoni na iendelee kusema hivyo. Rekodi zisizo na kata kabisa zinabaki bila wilaya ya sasa. Nimewahi kuombwa kuzigawa nusu kwa nusu ili jumla zipendeze, nikakataa. Badala yake ripoti ya miaka mingi ina mstari wa "Kinondoni na Ubungo kwa pamoja", unaopatikana kupitia jedwali la warithi, na ndani ya mstari huo kila rekodi ina nafasi yake bila kubahatisha.

Zinabaki simu za mawakala. Simu iliyokuwa nje ya mtandao inaweza kuleta mauzo yenye `KND1` siku kadhaa baada ya msimbo kustaafu. Seva isiangalie ni lini imepokea, iangalie tarehe ya mauzo. Mauzo ya tarehe 29 Juni 2016 yenye `KND1` ni halali hata yakifika Julai. Mauzo ya tarehe 3 Julai yenye `KND1` yanapokelewa pia, kwa sababu fedha imeshalipwa na mzigo umeshatoka, lakini yanawekwa kwenye foleni ya kuhakikiwa hadi kata yake ijulikane. Kuyakataa kunamfanya wakala ayaingize upya akichagua wilaya yoyote inayokubaliwa, na hapo hutajua tena ukweli ulikuwa upi. Foleni hiyo ikiwa bado inapokea rekodi wiki nyingi baada ya kustaafisha, mtafute mwenye simu: karibu kila mara ni simu moja ambayo programu yake haijasasishwa.