Zawadi ya Kahawa Huanzia kwenye Kikombe Anachokunywa Sasa

Kazi yangu ni kukaanga kahawa na kuwafundisha watu kuiandaa, na wengi wanaonijia wakitafuta zawadi huanza kwa kuniuliza ni kahawa ipi iliyo bora kuliko zote nilizonazo. Swali hilo silijibu mpaka nami nimewauliza la kwangu: huyo mtakayempa, leo asubuhi amekunywa kahawa gani, ameiandaa kwa chombo gani, na ametia nini ndani yake? Majibu hayo matatu hunisaidia kuliko jina la shamba lolote, kwa kuwa kahawa nzuri iliyopelekwa kwa mtu asiye na chombo cha kuiandaa, au aliyezoea ladha iliyo mbali nayo, huishia kukaa kabatini hadi ichuje. Hivyo ninapochagua zawadi hujaribu kubadilisha kitu kimoja tu katika mazoea ya mpokeaji. Ama nampa kahawa mpya kwa chombo alicho nacho, ama nampa chombo kipya pamoja na kahawa yenye ladha asiyoishangaa.

Tuchukue mfano mmoja ambao hunijia mara kwa mara kwa sura tofauti. Mteja alitaka kumzawadia shangazi yake, mama mtu mzima ambaye kwa miaka mingi amekunywa kahawa ya kuyeyuka pamoja na maziwa na vijiko viwili vya sukari, kikombe kimoja kikubwa kila asubuhi. Mteja mwenyewe ni mpenzi wa kahawa, na alikwisha kuchagua vitu vitatu: koni ya kuchujia yenye karatasi zake, birika la mdomo mwembamba, na pakiti ya punje za Ethiopia za mkaango mwepesi, zilizokaushwa zikiwa ndani ya tunda lake. Kila kimoja kilikuwa kitu kizuri. Vyote kwa pamoja vilikuwa zawadi aliyojichagulia yeye mwenyewe, nami nilimwambia hivyo kwa upole.

Tatizo la kwanza lilikuwa mkaango. Punje iliyokaangwa kidogo hubaki ngumu na iliyoshikamana, kwa hiyo maji hupata kazi kuvuta ladha yake, na asili yake ya uchachu hubaki mbele. Anayeinywa tupu huweza kuufurahia uchachu huo kama ule wa tunda bivu, lakini ukitia maziwa, utamu mwororo wa kahawa hufunikwa na kinachosalia ni kikombe chepesi chenye ukakasi. Kahawa ya kuyeyuka, kwa upande wake, aghalabu huwa na robusta nyingi, aina ya kahawa yenye uchungu mkali, na ladha nzito ya kukaangwa. Mtu aliyeizoea atahisi kwamba hiyo mpya haina nguvu, au kwamba imeharibika. Kwa shangazi huyu nilipendekeza mkaango ulio kati ya wastani na mweusi, wenye ladha inayokaribia chokoleti na karanga, ambayo haizami ndani ya maziwa.

Tatizo la pili lilikuwa koni. Koni humtaka mwandaaji amimine maji kwa awamu, kwa kasi ileile, juu ya kahawa iliyosagwa kwa kipimo kinachoifaa. Akimimina haraka au ikiwa unga ni mkubwa mno, maji hupita kabla ya kuvuta ladha, na kahawa huwa chachu na nyepesi. Unga ukiwa mdogo mno, maji hukwama na uchungu huzidi. Anayejifunza hufurahia kurekebisha mambo hayo asubuhi baada ya asubuhi. Asiyetaka kujifunza, na shangazi huyu hakuwa ameonyesha hamu hiyo, huona tu kwamba kahawa ya jana ilinyweka na ya leo hainyweki, asijue kwa nini.

Badala ya koni tulichagua frenchi presi, lile jagi la kioo lenye kichujio cha waya kinachosukumwa chini kwa mkono. Humo kahawa na maji hukaa pamoja muda wote, hivyo namna ya kumimina haina uzito mkubwa, na dakika moja zaidi haiharibu kikombe. Tulichukua dogo, la mililita 350. Jagi la lita moja huonekana zawadi kubwa zaidi, lakini kwa mtu wa kikombe kimoja kahawa hupoa ndani yake, na maji machache hufanya kichujio kisifike vizuri kwenye unga.

Kahawa tuliipeleka ikiwa imesagwa. Wapo mafundi wenzangu watakaoguna, na sababu wanayo: punje ikishasagwa, harufu yake huanza kupotea mara moja, kwa kuwa sehemu kubwa zaidi ya kahawa imekutana na hewa. Hata hivyo, punje nzima bila kisagio ni mzigo. Swali la maana hapa ni pakiti itachukua siku ngapi kwisha. Jagi lile lilihitaji gramu 20 kwa mililita 300 za maji, kipimo kizito kidogo kwa sababu ya maziwa, hivyo pakiti ya gramu 250 ingetosha asubuhi 12. Kwa muda huo, ikiwa imefungwa vizuri mbali na joto na mwanga, kahawa iliyosagwa bado hunyweka kwa raha. Angekuwa anakunywa mara mbili kwa wiki, pakiti hiyohiyo ingemchukua wiki 6, na hapo ningepunguza hadi gramu 100.

Ndani ya boksi tuliweka kadi fupi yenye maelezo ya kuandaa. Shangazi hakuwa na mizani, kwa hiyo kadi ilitaja vijiko: vijiko vinne vya chakula, visivyorundikwa, ambavyo hukaribia gramu 20. Maji yachemke, yaachwe yatulie kidogo, yamiminwe yote, yakorogwe mara moja, kisha yasubiri dakika 4. Kichujio kisukumwe taratibu. Kikigoma, kahawa imesagwa laini mno, na kikishuka kama hakuna kitu ndani, imesagwa kubwa mno. Kahawa yote imiminwe, kwa sababu ile inayobaki juu ya masimbi huendelea kuvuta uchungu. Tuliongeza sentensi moja kwamba tone la mwisho lenye vumbi liachwe kikombeni, maana aliyezoea kahawa ya kuyeyuka hajui masimbi na anaweza kudhani chombo ni kibovu.

Mpokeaji wa aina ya pili tayari ana frenchi presi au koni, lakini hununua kahawa iliyosagwa. Huyu ndiye wa kupewa kisagio, kwani hakuna kitu kingine kitakachobadilisha kikombe chake kwa kiasi hicho. Kiwe cha meno yanayosaga, si cha kisu kinachozunguka. Kisu hukata ovyo na kuacha vumbi pamoja na vipande vikubwa, vumbi likitoa uchungu huku vipande vikitoa uchachu, na mnywaji hawezi kurekebisha kitu, kwa kuwa kasoro zote mbili zimo katika kikombe kimoja. Kisagio cha mkono hutosha kwa mtu mmoja au wawili, maana vingi huchukua gramu 20 hadi 30 kwa mara moja. Katika nyumba inayoandaa lita moja kila asubuhi, yaani gramu 60 za kahawa, mtu atalazimika kukijaza mara mbili au tatu, na kufikia wiki ya pili kitakuwa pambo. Hapo nunua cha umeme. Jambo lisilotajwa sana ni kwamba punje za mkaango mwepesi ni ngumu kuzisaga kwa mkono. Kwa mtu mwenye maumivu ya viungo, kisagio cha mkono pamoja na punje za aina hiyo ni adhabu iliyofungwa utepe.

Mjuzi aliye na mizani, kisagio na chombo anachokipenda msimnunulie chombo. Uwezekano mkubwa ni kwamba anacho, au alikataa kukinunua kwa sababu zake. Mpeni kahawa, na mimi hupenda kumpa pakiti mbili ndogo zinazotofautiana kwa jambo moja, kwa mfano kahawa mbili za Ethiopia kutoka eneo moja, moja iliyooshwa, yaani punje zilizotolewa kwenye tunda kwa maji kabla ya kukaushwa, na nyingine iliyokaushwa ndani ya tunda lake. Akizionja pamoja atasikia kazi ya usindikaji waziwazi: iliyooshwa huwa safi na kali kidogo, na ile nyingine huwa nzito, yenye utamu wa matunda yaliyoiva sana.

Pakiti ndogo, hata hivyo, hazimfai mtu wa espreso. Kikombe kimoja cha espreso hutumia takriban gramu 18, na kila kahawa mpya humlazimisha aurekebishe upya usagaji wake hadi itoke kwa muda anaoutaka. Majaribio matatu yakimwagwa, pakiti ya gramu 100 imebaki na vikombe viwili. Huyu apewe gramu 250 au zaidi za kahawa moja, na isiwe ya mkaango mwepesi kupindukia isipokuwa mnajua kwamba ndiyo anayoitafuta. Mwenye mashine ya vidonge, vile vikopo vidogo vyenye kahawa iliyokwisha kusagwa, hahitaji punje kabisa, na hilo huonekana ukichungulia tu jikoni kwake.

Kwa moka, lile birika la jikoni ambalo mvuke husukuma maji kupitia kahawa, kagueni mambo mawili. La kwanza ni jiko: moka ya alumini haipati joto juu ya jiko la induksheni, lile linalopasha chombo kwa nguvu ya sumaku, hivyo mwenye jiko hilo anahitaji ya chuma cha pua inayolifaa. La pili ni ukubwa, kwa kuwa moka hufanya kazi vizuri ikijazwa kama ilivyoundwa. Moka ya vikombe sita haigeuki kuwa ya viwili kwa kupunguza kahawa na maji, na vikombe vyake vyenyewe ni vidogo kama vya espreso.

Tarehe ya kuangalia kwenye pakiti ni ile ya kukaangwa, si ile ya mwisho wa matumizi pekee. Kahawa iliyotoka kukaangwa bado hutoa hewa ya kaboni dayoksaidi, ndiyo sababu pakiti nyingi zina kitundu cha kuipumua, na ikiandaliwa mapema mno hewa hiyo huzuia maji kulowesha unga sawasawa. Mkaango mweusi hutulia baada ya siku chache. Mwepesi huhitaji wiki moja hadi mbili. Kama zawadi itafunguliwa Jumamosi, mimi hukaanga kahawa nyeusi mwanzoni mwa wiki hiyo na nyepesi wiki moja kabla yake, na ile inayokwenda kwa asiye na kisagio huisaga siku inapochukuliwa.