Hisa zikiyumba mara mbili, fungu halipungui nusu

"Hisa zangu sasa zinayumba mara mbili ya zamani, faida ninayotarajia ni ileile. Nikipunguza fungu lake kwa nusu si inatosha?"

Haitoshi, unatakiwa ubaki na robo. Kanuni aliyoitoa Robert Merton mwaka 1969 ni hii:

w = (μ − r) / (γσ²)

w ni fungu la mali yako linaloenda kwenye hisa. Juu ni faida ya ziada, yaani ile inayozidi riba ya dhamana za serikali. Chini kuna γ, kiasi unachoogopa hasara, na σ, kiwango cha kuyumba kwa hisa, iliyozidishwa kwa yenyewe. Hiyo σ² ndiyo wengi huisahau.

Chukua milioni 10. Faida ya ziada ni 5%, γ ni 3, σ ni 20%. Gawanya 0.05 kwa 3 × 0.04, unapata 0.417: takriban milioni 4.2 ziende kwenye hisa. σ ikifika 40%, kigawanyo kinakuwa 3 × 0.16, na jibu ni 0.104, milioni moja na kidogo. (Ukipata 0.004, umeingiza 5 na 20 badala ya 0.05 na 0.20.)

Binafsi, σ hainisumbui sana. Hiyo 5% ndiyo inayoninyima usingizi. Hata ukiwa na data ya miaka 25, kwa σ ya 20% kosa sanifu la wastani, kiasi ambacho makadirio hupotoka kwa kawaida, ni 20% ÷ √25, yaani 4%. Faida halisi ya ziada ikiwa 1%, fungu ni 8%. Ikiwa 9%, ni 75%.