Je, wajua ndege ya "Jumamosi usiku" huondoka siku gani?

"Nimeandika ratiba ya safari kwa aya, kwa nini nikiipanga kwenye jedwali siku zinahama?"

Kwa sababu aya hufuata usiku wa msafiri, na jedwali hufuata tarehe ya tiketi, ambayo hubadilika saa sita usiku. Mimi nilidhani kazi yote ni kuongeza saa sita kwenye kila saa ya Kiswahili. Kwa mchana hesabu hiyo inatosha: saa 3 asubuhi ni 09:00, saa 10 jioni ni 16:00. Usiku ndio unaoponza. Saa 2 usiku ni 20:00, lakini saa 8 usiku ni 02:00, nayo tayari ni ya tarehe inayofuata.

Tuchukue aya hii ya mfano: "Ijumaa tarehe 14 tutavuka kwa boti ya saa 3:30 asubuhi kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja, na Jumamosi saa 8:40 usiku tutapaa kwenda Maskati." Mara ya kwanza nilipopanga sentensi ya namna hii, niliiweka ndege chini kabisa ya Jumamosi, baada ya chakula cha jioni, na nikafika uwanjani ndege ikiwa imeondoka tangu usiku uliotangulia. Fikiria daftari la duka linalofungwa saa sita kamili usiku: mteja anayenunua dakika moja baadaye huandikwa ukurasa mpya, hata kama muuzaji hajalala.

| Tarehe | Saa | Mahali | Kumbukumbu |
|---|---|---|---|
| Ijumaa 14 | 09:30 | Bandari ya Dar es Salaam, boti | 40718 |
| Ijumaa 14 | 23:40 | Uwanja wa ndege, Unguja, kuripoti | K7QX2M |
| Jumamosi 15 | 02:40 | Unguja, ndege inaondoka | K7QX2M |
| Jumamosi 15 | 09:00 | Maskati, ndege inatua | K7QX2M |

Sentensi moja ya ndege imezaa mistari mitatu katika tarehe mbili, jambo ambalo bado hunifurahisha. Saa ya kutua ni ya Maskati, iliyo mbele ya Unguja kwa saa moja, hivyo safari yenyewe ni ya saa 5 na dakika 20. Kumbukumbu yenye herufi na tarakimu sita hurudiwa kila mstari, kwa kuwa anayefungua simu kaunta husoma mstari mmoja tu. Isichanganywe na namba ya tiketi ya ndege, yenye tarakimu 13.

Aliyeandika "usiku wa kuamkia Jumamosi" amemaliza utata. Aliyeandika "usiku wa Jumamosi" hajaumaliza, kwani wapo, hasa Pwani, wanaohesabu siku kuanzia magharibi, na kwao usiku huo hutangulia mchana wa Jumamosi. Hapo kanuni haisaidii. Hufunguliwa tiketi na kunakiliwa tarehe iliyochapwa.