Spamu kwenye fomu na barua kutupwa kwenye spamu ni mambo mawili

Fomu ya mawasiliano ni ule ukurasa wa tovuti ambapo mgeni anaandika jina, namba ya simu na ujumbe wake, kisha anabonyeza "Tuma". Seva inaugeuza ujumbe huo kuwa barua pepe na kuupeleka kwa mwenye tovuti. Maana yake ni hiyo tu. Shida iko kwenye kauli ninayoisikia kila mara hapa Mwanza kwa watu wenye maduka, nyumba za wageni na boti za kukodisha: "Fomu yangu ina spamu."

Kauli hiyo hubeba matatizo mawili yaliyo kinyume kabisa. La kwanza ni roboti, yaani programu zinazojiendesha zenyewe, kuijaza fomu matangazo ya mikopo na kamari, kwa hiyo takataka zinaingia. La pili ni barua ya mteja wa kweli kutupwa kwenye folda ya `Spam`, au kukataliwa kabisa isionekane popote, kwa hiyo kilicho kizuri hakifiki. Kwenye tatizo la kwanza unaongeza kizuizi. Kwenye la pili kizuizi hakisaidii chochote, maana anayeshukiwa si mteja, ni seva yako mwenyewe.

Chukua mfano wa mtu anayeuza dagaa wakavu kwa jumla pale mwaloni Kirumba, ambaye wanunuzi wake wengine wako Kongo. Ana fomu, na barua zake anazisomea Gmail. Wanunuzi wanampigia simu kulalamika kwamba wameandika na hawajajibiwa. Anamwambia fundi wake "fomu ina spamu", fundi anaweka lile jaribio la kuchagua picha zenye taa za barabarani, na malalamiko yanaendelea vilevile. Akichunguza anaona jambo la ajabu: wenye anwani za Yahoo hawafiki hata siku moja, na wenye anwani za Gmail wakati mwingine anawakuta kwenye `Spam`. Mpangilio huo ukiuona, usitafute roboti. Angalia mstari wa `From`, ule unaomtaja mtumaji wa barua.

Mafundi wengi huweka anwani ya mteja kwenye `From`, wakidhani kwamba kwa kuwa mteja ndiye aliyeandika, basi ndiye mtumaji. Siyo. Mteja ameandika maneno ndani ya ukurasa, lakini aliyetuma barua pepe ni seva ya tovuti. Ni sawa na kupeleka kifurushi kwenye basi pale Nyegezi na kujaza jina la mtu mwingine kwenye nafasi ya mtumaji, halafu karani akaomba kitambulisho.

Kwenye barua pepe, karani huyo ana taratibu zake. SPF ni orodha ambayo domeini, yaani lile jina linalofuata alama ya @ kama yahoo.com, inaitangaza, ikitaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lake. DKIM ni sahihi ya kidijitali ambayo seva halali inaibandika kwenye barua. DMARC inadai walau mojawapo ya hizo ifaulu, tena kwa domeini ileile inayoonekana kwenye `From`, kisha inasema barua iliyofeli ifanywe nini. Yahoo ilitangaza mwaka 2014 kwamba barua iliyofeli kwa jina lake ikataliwe. Kwa hiyo seva ya muuza dagaa ikiandika `From` ya yahoo.com, Gmail inaiuliza Yahoo, Yahoo inasema seva hii hatuijui, na barua inarudishwa. Taarifa ya kurudishwa nayo huenda kwenye sanduku la akaunti ya seva ambalo aghalabu hakuna anayelifungua. Kwa Gmail, miongozo ya Google kwa watumaji iliyoanza kutumika Februari 2024 inakataza waziwazi kutuma kwa kujifanya anwani ya gmail.com.

Wakati huohuo mteja ameshaona maandishi "Ujumbe wako umetumwa". Maandishi hayo hayathibitishi kufika. Kwa tovuti iliyoandikwa kwa lugha ya PHP, kwa mfano, amri ya `mail()` ikirudisha `true` maana yake ni kwamba barua imepokelewa ili isafirishwe, basi.

Marekebisho yake ni mafupi:

```
From: "Fomu ya tovuti" <fomu@mfano.example>
Reply-To: [anwani ya mteja]
```

Badala ya mfano.example weka domeini yako. Anwani ya mteja inahamia `Reply-To`, na ukibonyeza kujibu, jibu linakwenda kwake moja kwa moja. Kisha hakikisha rekodi ya SPF ya domeini yako inaitaja seva inayotuma, na rekodi hiyo iwe moja tu, kwa sababu ukiwa nazo mbili ukaguzi wenyewe unavunjika. Kabla ya kuweka anwani ya mteja kwenye `Reply-To`, seva ihakikishe ni anwani moja isiyo na alama ya mstari mpya, la sivyo mjanja ataingiza humo wapokeaji wengine na kuitumia fomu yako kurusha barua zake. Ikiwa mteja hana barua pepe, na wengi huku wanatumia simu na WhatsApp tu, usimlazimishe. Chukua namba yake na uache `Reply-To` isiwepo.

Kujua kama umepona ni rahisi. Jaza fomu kwa anwani ya Yahoo, fungua barua iliyofika Gmail, chagua `Show original`, na usome mistari ya SPF, DKIM na DMARC. DMARC ikisema `PASS`, seva yako sasa inatumia jina lake yenyewe.

Sasa turudi kwa roboti, ambazo ni tatizo halisi lakini dogo kuliko linavyoogopwa. Kabla ya picha za taa za barabarani, weka sehemu moja ya kujaza iliyofichwa machoni pa mtu. Roboti nyingi hujaza kila zinachokikuta, kwa hiyo sehemu hiyo ikija na maandishi unajua ni nani aliyejaza. Angalizo ni moja: ukiipa jina kama `email` au `phone`, kivinjari cha mteja wa kweli kinaweza kuijaza chenyewe. Ipe jina lisilo na maana, na uiwekee `autocomplete="off"` na `tabindex="-1"`.

Hata hivyo, usifute kinachoshukiwa. Kila ujumbe uhifadhiwe kwanza kwenye hifadhidata ya tovuti, kisha ndipo barua pepe itumwe. Ulioshukiwa uhifadhiwe na alama yake, bila kutumwa. Kichujio kikikosea, au barua ikikwama njiani, agizo la magunia ya dagaa bado lipo. Na usichuje kwa nchi wala kwa lugha. Nimeona fomu zinazokataa namba isiyoanza na +255, au ujumbe wa Kifaransa, katika biashara ambayo mnunuzi wake mkubwa anaandika Kifaransa kwa namba ya +243.

Kwa hiyo, ndugu yangu, unapomwita fundi, mwambie "roboti zinajaza fomu yangu" au mwambie "barua za wateja hazinifikii". Kwa kauli ya kwanza atashughulikia ukurasa wa fomu. Kwa ya pili ataanza na `From`, aje kwenye rekodi za domeini yako, na ule ukurasa hatakuwa na sababu ya kuugusa.